Kabla ya Kulipa Ada ya Kazi ya Ng'ambo, Mjue Mwajiri

Katika toleo hili tunaeleza jambo moja ambalo mtu anayetafuta kazi nje ya nchi anaweza kulifanya yeye mwenyewe, bila gharama kubwa, kabla ya kutoa shilingi yoyote. Jambo hilo ni kumtaka wakala ataje kwa maandishi ni nani hasa atakayemwajiri huko aendako, kisha kuyapima majibu atakayopewa. Tunazungumzia zaidi safari za kutoka Uganda kwenda nchi za Ghuba, kwa sababu ndiko wanakoelekea vijana wengi wetu. Hata hivyo, ndugu zetu wa Kenya, Rwanda na Burundi wataona kwamba hatua zenyewe zinawafaa nao pia.

Watu wengi wanaofika vituoni kulalamika hutuambia kwamba walichunguza kabla ya kulipa. Tunapowauliza walichunguza nini, hujibu kwamba waliona ofisi, wakaona leseni ukutani, wakaona picha za vijana wengine wakiwa uwanja wa ndege wa Entebbe. Yote hayo yanamhusu wakala. Hakuna hata moja linalohusu kazi. Leseni ya wakala ikiwa ya kweli inathibitisha kwamba serikali imemruhusu kufanya biashara ya kupeleka wafanyakazi nje. Haithibitishi kwamba leo hii kuna mtu Dubai, Riyadhi au Amani anayekungoja. Kitu pekee kinachoweza kuthibitisha kuwapo kwa kazi ni mwajiri mwenyewe. Mwajiri asiyetajwa hawezi kuulizwa.

Kwa nini swali liulizwe kabla ya malipo

Muda wa kuuliza una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kabla hujalipa, wakala anakuhitaji wewe: akiwa na kazi ya kweli atayatafuta majibu, na akiwa hana atakuacha uende. Ukishalipa, hali hugeuka. Sasa wewe ndiwe unayemhitaji yeye, na kila swali lako hujibiwa kwa neno la subira: viza inachapwa, mwajiri yuko safarini, wiki ijayo. Wengi huendelea kuongeza fedha ndogo ndogo kwa kuogopa kuipoteza ile ya kwanza, na mwisho wake hupoteza zote.

Tena, sharti la kulijua jina la mwajiri kabla ya safari si upendeleo unaouomba. Katika Falme za Kiarabu, mwajiri anayetaka kumleta mfanyakazi kutoka nje hupitia wizara ya kazi ya huko, na mfanyakazi hupaswa kupewa barua ya ajira kutoka kwenye mfumo wa wizara hiyo, aisome na kuitia sahihi kabla ya kibali cha kuingia kutolewa. Barua hiyo ina jina la mwajiri, kazi na mshahara, na mkataba utakaofuata hauna budi kulingana nayo. Kwa hiyo, wakala akikuambia kwamba jina la mwajiri ni siri ya biashara mpaka utakapofika, anakuambia kwamba hatua hiyo haipo katika safari yako.

Wapo mawakala wanaojitetea kwa kusema kwamba wakilitaja jina, mtafuta kazi atawaruka na kwenda kwa mwajiri moja kwa moja. Hoja hiyo haina nguvu. Mwajiri aliyeingia mapatano na wakala ana utaratibu wake wa kupokea watu kupitia kwake, na wakala mwenye leseni ana hati za mapatano hayo. Asiyekuwa na hati ndiye mwenye sababu ya kuficha jina.

Maswali manne ya kuandika

Tunashauri maswali yaandikwe, iwe kwa barua, kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, na majibu yadaiwe kwa njia hiyo hiyo. Maneno ya mdomo hayapimiki, wala hayawi ushahidi mzuri baadaye.

Swali la kwanza ni hili: jina kamili la mwajiri ni lipi, kama lilivyoandikwa katika leseni yake ya biashara, namba ya leseni hiyo ni ipi, na imetolewa wapi? Neno "kamili" lina maana yake. Jibu kama "kampuni kubwa ya ulinzi Dubai" au "hoteli ya nyota tano" si jina. Katika Falme za Kiarabu, leseni ya biashara hutolewa na mamlaka ya falme husika. Kwa hiyo kampuni ya Dubai ina leseni ya Dubai, na ya Abu Dhabi ina ya Abu Dhabi.

Swali la pili: mwajiri anapatikana wapi, na ni ofisa gani anayesimamia ajira hii? Dai anwani, namba ya simu ya mezani, anwani ya barua pepe ya kampuni, na jina pamoja na cheo cha ofisa aliyetia sahihi barua ya ajira.

Swali la tatu: ombi la wafanyakazi lililotoka kwa mwajiri huyo liko wapi, linahitaji watu wangapi, wa kazi gani, na je, limepitishwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii? Wakala mwenye leseni nchini Uganda hatakiwi kukusanya watu kwanza ndipo aende kuwatafutia kazi. Ombi la mwajiri wa nje hutangulia, serikali hulikagua, kisha watu hutafutwa kulingana na idadi iliyopitishwa.

Swali la nne: nitasafiri kwa viza ya aina gani, na ni nani anayeilipia? Kwa Falme za Kiarabu, sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Mtu anayeombwa alipie viza yake ya kazi ana haki ya kuuliza fedha hizo zinakwenda kwa nani.

Namna ya kuyapima majibu

Kupata majibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyapima, na hapa kuna kanuni moja ambayo tungependa msomaji aikariri: usimthibitishe mwajiri kwa kupitia mlango ulioonyeshwa na wakala. Tapeli anayejua kazi yake hutoa namba ya simu na barua pepe za mwenzake, na ukipiga utapokewa kwa sauti nzuri itakayokuthibitishia kila kitu. Tafuta mwenyewe tovuti ya kampuni, chukua humo namba na anwani, kisha ulinganishe na ulizopewa.

Zipo alama ambazo hata mtu asiye mtaalamu anaweza kuziona. Namba za Falme za Kiarabu huanza na +971. Baada ya hapo, simu ya mezani ya Dubai hufuatwa na 4, ya Abu Dhabi hufuatwa na 2, na simu za mkononi hufuatwa na 5. Kampuni yenye mamia ya wafanyakazi inayopatikana kwa namba moja tu ya mkononi, tena kwa ujumbe wa WhatsApp peke yake, inatia shaka. Vivyo hivyo, anwani ya barua pepe ya kampuni kubwa huishia kwa jina la kampuni yenyewe. Ikiishia kwa gmail.com au yahoo.com, uliza kwa nini. Angalia pia herufi moja moja, kwa maana matapeli husajili jina linalofanana na la kweli kwa kuongeza herufi au kistari kimoja.

Upande wa hapa nyumbani, Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ina mfumo wa kusimamia ajira za nje unaopatikana katika anwani eemis.mglsd.go.ug, na hutangaza orodha ya kampuni zenye leseni. Orodha hiyo hubadilika kwa sababu leseni huisha muda na nyingine hufutwa. Basi iangalie siku ile ile unayotaka kuamua, wala usitegemee picha ya orodha iliyotumwa kwako. Asiye na intaneti anaweza kumwendea Ofisa Kazi wa wilaya yake, ambaye pia anaweza kumsaidia kuuliza wizarani kama ombi la wafanyakazi la mwajiri fulani limepitishwa.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Ili maelezo haya yasibaki hewani, tuchukue mfano. Tumeutunga kutokana na aina ya malalamiko yanayoletwa kwetu, na haumhusu mtu wala kampuni yoyote kwa jina.

Kijana wa Tororo, mwenye cheti cha kidato cha nne, anapokea tangazo katika kundi la WhatsApp la kijiji: walinzi 40 wanahitajika Dubai, mshahara dirhamu 2,800 kwa mwezi, sawa na karibu shilingi milioni 2 na laki 8, chakula na malazi bure. Ada yote ni shilingi milioni 5 na nusu, na kianzio cha milioni 1 na nusu kinatakiwa kabla ya Ijumaa ili "kushika nafasi". Fedha zitumwe kwa simu kwa mtu anayejitambulisha kuwa mratibu wa kampuni fulani ya Kampala. Mama yake yuko tayari kuuza ng'ombe wawili.

Kijana anaandika maswali manne tuliyoyataja. Mratibu anakasirika kidogo, anasema wenzake wameshalipa bila maswali, kisha anatuma majibu. Jina la mwajiri ni la kampuni kubwa ya ulinzi inayojulikana kweli Dubai. Kuna barua ya ajira yenye nembo nzuri na muhuri. Chini yake pana namba ya simu inayoanza na +971 5 na anwani ya barua pepe inayoishia kwa gmail.com. Kuhusu ombi la wafanyakazi, anajibu kwamba "liko wizarani". Kuhusu viza, anasema watasafiri kwa viza ya matembezi na kuibadilisha wakishafika, kwa sababu ndiyo njia ya haraka.

Anapoangalia orodha ya wizara, anaikuta kampuni ya Kampala, na leseni yake ni hai. Hapa ndipo wengi huridhika na kulipa. Yeye anaendelea. Anapiga simu kwa namba ya ofisi iliyo katika orodha, si ile aliyopewa na mratibu, na kuuliza kama mtu huyo ni mfanyakazi wao. Anajibiwa kwamba hawamjui, na kwamba malipo yao hupokelewa katika akaunti ya benki yenye jina la kampuni tu. Basi jina la kampuni halali lilikuwa limeazimwa bila mwenyewe kujua.

Siku ya pili anamwendea Ofisa Kazi wa wilaya. Ofisa anauliza wizarani, na jibu linakuja kwamba hakuna ombi la walinzi 40 lililopitishwa kutoka kwa mwajiri huyo.

Siku ya tatu anatafuta tovuti ya kampuni ya Dubai na kuwaandikia kwa anwani iliyomo. Barua ya namna hii haihitaji maneno mengi. Mwalimu wa jirani anamsaidia kuiandika kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: "Nimepewa barua ya ajira yenye jina la kampuni yenu, ya tarehe fulani, kwa kazi ya ulinzi, iliyotiwa sahihi na mtu fulani. Nimeiambatisha. Tafadhali nijulisheni kama barua hii imetoka kwenu, na kama mnaajiri kutoka Uganda kupitia wakala gani." Kampuni inajibu kwamba barua si yao, aliyetia sahihi si mtumishi wao, na hawatozi fedha kwa watafuta kazi.

Angeweza kuuliza jambo moja zaidi. Mlinzi wa kampuni binafsi Dubai hawezi kusimama langoni kwa sababu tu amevaa sare. Kazi hiyo inasimamiwa na mamlaka ya huko inayoitwa SIRA, ambayo hudai mafunzo na kibali kwa mlinzi. Wakala anayepeleka walinzi kweli ataeleza bila kubabaika ni lini na wapi mafunzo hayo yatafanyika na nani anayalipia. Mratibu wetu hakuwa hata amelisikia jina hilo. Kila kazi ina swali lake la namna hii: dereva ana leseni ya huko, muuguzi ana usajili wa huko. Mtu asiyejua masharti ya kazi anayoiuza huenda hana kazi ya kuuza.

Uchunguzi wote umechukua siku tatu na gharama ya vocha na nauli. Ng'ombe wawili wamebaki zizini.

Jibu la kweli linafananaje

Isidhaniwe kwamba kila wakala ni mwongo. Zipo kampuni halali zinazofanya kazi yake ipasavyo, na mtu anayeuliza maswali haya huzitambua upesi. Wakala wa kweli hukukaribisha ofisini na kukuonyesha ombi la mwajiri lenye idadi, kazi na mshahara. Barua ya ajira ina namba inayoweza kuulizwa katika wizara ya kazi ya Falme za Kiarabu kupitia mohre.gov.ae. Jina la mwajiri katika barua ya ajira, katika mkataba na katika kibali cha kuingia ni moja. Kibali chenyewe kinasema ni cha kazi, na kinaweza kuhakikiwa katika tovuti za uhamiaji za huko: vibali vya Dubai kwa gdrfad.gov.ae, na vya falme nyingine kwa icp.gov.ae. Kila fedha inayopokelewa ina risiti yenye jina la kampuni na sababu ya malipo.

Gharama nyingine ni za serikali, kama vile pasipoti na cheti cha tabia njema ambacho Polisi hutoa kupitia kurugenzi yake ya Interpol. Hizi hulipwa kwa jina lako mwenyewe, kwa namba ya malipo inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, na unabaki na risiti. Haziingizwi katika simu ya mratibu.

Kuhusu viza ya matembezi, tuseme wazi. Mtu anayeingia kwa viza hiyo hana ruhusa ya kufanya kazi. Siku zake zikiisha kabla hajabadilishiwa, faini huanza kuhesabiwa juu yake, na anapodhulumiwa huogopa kwenda kushtaki kwa sababu yeye mwenyewe hana karatasi. Ndiyo maana njia hii inawapendeza wafanyabiashara wa watu. Alama nyingine inayofanana nayo ni kuambiwa uvuke Busia au Malaba na kupandia ndege Nairobi, ili "kuepuka foleni ya Entebbe". Entebbe maofisa wa uhamiaji huuliza kibali cha wizara kwa anayekwenda kufanya kazi nje. Anayekuzungusha mpakani anaukimbia ukaguzi huo.

Kazi za nyumbani

Kwa dada zetu wanaokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, mwajiri si kampuni bali ni familia, na wengine hudhani kwamba kwa sababu hiyo hawezi kujulikana. Si kweli. Saudia huendesha uajiri wa wafanyakazi wa nyumbani kupitia mfumo wa serikali uitwao Musaned, na humo mwajiri huingia kwa jina lake, mkataba huandikwa, na gharama za kumleta mfanyakazi humwangukia mwajiri. Basi dada anayeelekea huko anastahili kuonyeshwa, kabla ya kupanda ndege, mkataba wenye jina la kafili wake, mji anakoishi, namba zake za simu, mshahara, pamoja na jina na simu ya wakala wa Saudia anayepokea watu. Aache nakala kwa mzazi au ndugu anayemwamini. Familia nyingi zinazokuja kutuomba tumsaidie binti aliyepata shida hutuambia tu kwamba "yuko Saudia". Nchi ile ni kubwa. Bila jina la kafili na mji, hata ubalozi wetu Riyadhi unapata taabu kuanza kumtafuta.

Mipaka ya uchunguzi huu

Haki inatutaka tuseme pia yale ambayo uchunguzi huu hauwezi kuyafanya. Kuthibitisha kwamba mwajiri yupo hakuthibitishi kwamba ni mwajiri mwema. Anaweza kuwapo kweli, akawa na leseni kweli, na bado akachelewesha mishahara. Vilevile kuna kampuni ambazo biashara yake ni kuajiri watu na kuwaazimisha kwa kampuni nyingine; hapo jina la mkataba litakuwa moja na mahali pa kazi pengine. Si kosa, lakini unapaswa kujua mapema, kwa kuwa atakayekulipa na kukuwajibikia ni yule wa kwenye mkataba.

Tena, wapo wanaobadilishiwa mkataba wakishafika. Aliyekuwa ameandikiwa dirhamu 1,500 anapewa karatasi ya 900 na kuambiwa atie sahihi. Aliyebeba nakala ya barua ya ajira yenye jina la mwajiri na namba ana kitu cha kuweka mezani mbele ya ofisi ya kazi ya huko. Aliyeondoka mikono mitupu ana neno lake tu. Kwa hiyo maelezo ya mwajiri unayodai leo hayana faida ya siku ya malipo peke yake. Yatakusindikiza muda wote wa mkataba.

Ukiwa umekwisha lipa

Kama umelipa na sasa majibu hayaji, usitume fedha nyingine kwa matumaini ya kuharakisha. Usifute ujumbe wowote. Hifadhi tangazo, sauti zilizorekodiwa, barua ya ajira, na ujumbe wa kutuma fedha kwa simu, kwa sababu ule ujumbe una namba ya muamala, jina lililosajiliwa na saa. Kama pasipoti yako imeshikiliwa, sema hivyo unapotoa taarifa. Njoo kituo chochote cha Polisi kilicho karibu nawe na ufungue faili. Huna haja ya kwenda Kampala kwanza. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, hata kama mtuhumiwa anasema ni deni la kawaida na ataleta fedha kidogo kidogo.

Ikiwa watu wamekwisha safirishwa au wako njiani kwa udanganyifu ili wakatumikishwe, shauri huwa zito zaidi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009 inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 15, na adhabu huongezeka pale kosa lilipofanywa katika mazingira mabaya zaidi, kama vile dhidi ya mtoto. Chini ya sheria hiyo, kukubali kwa aliyesafirishwa hakumwondolei mtuhumiwa hatia. Tunalitaja hili kwa sababu wengi huona aibu kuja kwetu, wakisema, "Nilikwenda kwa hiari yangu." Hiari iliyopatikana kwa uongo haimkingi aliyedanganya.

Kwa jambo la dharura, kama vile watu kufungiwa katika nyumba wakingoja safari, pigeni 999 au 112. Kwa mambo mengine, ofisa wa uhusiano wa jamii wa kituo chenu atawapokea. Mtu aliyepewa barua ya ajira na hajalipa bado anaweza kuileta ili isomwe pamoja naye. Hahitaji kuwa ameibiwa kwanza. Aje na majibu ya yale maswali manne, au aje na taarifa kwamba wakala amekataa kuyajibu.